Barua ya wazi kwa wakuu wa CMA na NSE: bei zilizokwama kwenye kitengo cha kampuni ndogo

Kwa Mkurugenzi Mtendaji, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na kwa Afisa Mkuu Mtendaji, Soko la Hisa la Nairobi

Waheshimiwa,

Mimi ni mweka hazina wa chama cha uwekezaji hapa Mombasa. Kila mwisho wa robo mwaka ni juu yangu kukaa na daftari na kuwaambia wenzangu mali yetu ina thamani gani. Hati za serikali hazinipi taabu, wala hisa za benki kubwa au za Safaricom: natazama bei ya kufunga soko, nazidisha, naandika. Shida huanza pale mwanachama anapopendekeza tununue hisa za kampuni ndogo, zile mlizozifungulia mlango wake mwaka 2013 kwa jina la GEMS. Kwa hisa hizo mimi husoma bei kwenye ubao na nikabaki sijui kama kuna mtu yeyote duniani aliye tayari kuilipa.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema. Watu wengi huonya kwamba kampuni ndogo zina hatari kwa sababu biashara zao ni changa. Ni kweli, lakini hatari hiyo mwekezaji anaweza kuisoma katika hesabu za kampuni. Kuna hatari nyingine inayotokana na kanuni zenyewe, yaani jinsi kampuni inavyoingizwa sokoni na jinsi bei inavyoruhusiwa kusogea. Hiyo haionekani katika hesabu za kampuni, na dawa yake mnayo ninyi.

Nianze na mlango wenyewe. Kampuni inayotaka kuingia kitengo kikuu ilitakiwa iwe na mtaji wa hisa wa shilingi milioni 50, mali halisi ya milioni 100, iwe imepata faida katika miaka 3 kati ya 5 iliyopita, na robo ya hisa zake ziwe mikononi mwa wanahisa wasiopungua 1,000. Mlipoanzisha GEMS mlishusha kizingiti hicho, na mlikuwa na sababu. Mtaji ukawa milioni 10, faida haikuhitajika, na mwaka mmoja wa kufanya biashara ulitosha. Hisa zisipungue 100,000, asilimia 15 ziwe za umma, na ndani ya miezi mitatu ya kuorodheshwa wapatikane wanahisa 25 ambao si wafanyakazi wala jamaa za wenye kampuni. Wamiliki wakubwa walizuiwa kuuza kwa miezi 24. Mahali pa historia ya faida mkamweka mshauri mteule, mtaalamu anayeithibitishia NSE kwamba kampuni inafaa na anayetakiwa kuishika mkono baada ya hapo.

Sina ugomvi na kuondolewa kwa sharti la faida. Kampuni ya miaka miwili yenye kandarasi nzuri inaweza kuwa bora kuliko kampuni ya miaka 40 inayokula akiba yake. Namba zinazoninyima usingizi ni 15 na 25, na zaidi zinapokutana na njia ambayo karibu kila kampuni ya kitengo hiki imeingilia, yaani kuorodheshwa kwa utambulisho.

Kwa wasomaji wasioijua njia hiyo, nitaieleza. Kampuni ikiuza hisa kwa umma kabla ya kuorodheshwa, hutangaza bei, watu huleta pesa, na wingi au uchache wa pesa hizo huonyesha kama bei ilikuwa ya haki. Katika utambulisho hakuna hisa mpya wala pesa inayokusanywa. Hisa zilizopo tayari, mikononi mwa wale wale waliokuwa nazo, husajiliwa sokoni, na bei ya siku ya kwanza huandikwa na kampuni pamoja na washauri wake baada ya kupiga hesabu zao. Kengele inapigwa, picha zinapigwa, na bei iko kwenye ubao kabla ya mnunuzi wa nje kutoa hata shilingi moja.

Chukueni Kurwitu Ventures, kampuni ya uwekezaji inayofuata sharia, iliyoingia kwa utambulisho mwezi Novemba 2014 kwa shilingi 1,250 kwa hisa. Hisa zake zote ni 102,272, juu kidogo tu ya kiwango cha chini mlichoweka. Sijui nani anashika ngapi leo, na wala simtuhumu mtu. Kampuni ilifuata kanuni zilizokuwepo. Lakini pigeni hesabu ya kanuni hizo. Asilimia 15 ya hisa hizo ni takriban 15,341. Kama zimegawanywa kwa watu 25, kila mmoja ana kama 614. Kwa bei ya 1,500 iliyosomeka kwenye ubao kwa miaka mingi, fungu lote la umma ni kama shilingi milioni 23, na wenye fungu hilo mnaweza kuwaketisha kwenye matatu mbili. Wakiamua kushika hisa zao, hakuna soko. Na kwa miaka yote ambayo kima cha chini kwenye ubao wa kawaida kilikuwa hisa 100, aliyetaka kuingia alihitaji shilingi 150,000 kwa fungu moja. Hapo mwenye kipato cha kawaida mmeshamtoa nje.

Bei hiyo ya 1,500 ilikaa mwaka baada ya mwaka huku kukiwa na ukame, uchaguzi, korona, shilingi kuporomoka na kuinuka. Homeboyz Entertainment iliingia Desemba 2020, tena kwa utambulisho, hisa milioni 63.2 kwa shilingi 4.66, na kwa muda mrefu ikasomeka 4.66 ile ile. Kampuni ya burudani, katikati ya mwaka ambao kumbi zilifungwa na matamasha yakapigwa marufuku! Bei isiyotikiswa na mambo kama hayo haisemi lolote kuhusu kampuni. Inasema tu kwamba hakuna aliyenunua.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nadhani hamjalitazama vya kutosha. Kwa kanuni zenu, bei ya hisa haiwezi kupanda wala kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku ikilinganishwa na bei iliyotangulia. Kwa hisa inayouzwa kila siku kanuni hii ni kinga nzuri dhidi ya taharuki na mbwembwe. Kwa hisa isiyouzwa ni kufuli.

Tuseme mwanachama wangu ana hisa 100 zilizoandikwa 1,500, na anajua mnunuzi mmoja aliye tayari kulipa 900. Wote wawili wameridhika. Hawawezi kukutana kwenye ubao, kwa sababu amri ya kununua au kuuza iliyo ya chini kabisa inayokubalika leo ni 1,350. Ili bei ishuke kihalali hadi karibu na 900, lazima kwanza mtu anunue kwa 1,350. Siku ya pili mwingine anunue kwa 1,215, ya tatu kwa karibu 1,094, ya nne kwa karibu 984. Siku ya tano ndipo mipaka inafika 886 na 900 inawezekana. Maana yake tunahitaji wanunuzi wanne watangulie, kila mmoja akilipa zaidi ya thamani anayoijua, ili wa tano apate bei ya kweli. Watu hao hawapo. Kwa hiyo muuzaji anaweka amri yake ya 1,350, inakaa hadi muda wake uishe, na jioni ubao unaandika tena 1,500. Najua kuna utaratibu wa miamala mikubwa nje ya ubao wa kawaida, lakini hiyo si njia ya mwenye hisa 100.

Mtaniuliza, kuna hasara gani bei ikikwama na hakuna anayeuza? Njooni kwenye daftari langu. Tuseme chama cha watu 11 kina shilingi 400,000 kwenye mfuko wa fedha na hisa 100 za namna hii, zilizoandikwa kuwa na thamani ya 150,000. Jumla 550,000, fungu la kila mmoja 50,000. Mwanachama mmoja anahamia Uingereza, anadai chake, tunamlipa 50,000 taslimu kutoka mfuko wa fedha. Kumi wanabaki na 350,000 pamoja na hisa. Siku hisa hizo zikipata mnunuzi kwa 900, zinaleta 90,000, na kila mmoja wa waliobaki ana 44,000. Kwa bei ya kweli aliyeondoka alistahili takriban 44,545. Amechukua zaidi ya shilingi 5,400 za wenzake, na kila karatasi inaonyesha amelipwa kwa haki, kwa bei rasmi ya NSE. Sasa badilisheni mfano huo uwe mirathi ya wajane wawili, au talaka, au mkopo ambao hisa zimewekwa dhamana, muone bei iliyokwama inavyohamisha mali kimya kimya.

Linganisheni na Home Afrika, kampuni ya kwanza kabisa kuingia GEMS, Julai 2013. Hii nayo ilitambulishwa tu, hisa 405,255,320 kwa shilingi 12, yaani kampuni iliyokuwa ikijenga mtaa wa uwanja wa gofu wa Migaa huko Kiambu ikapewa thamani ya karibu shilingi bilioni 4.9 siku ya kwanza. Baadaye mauzo ya nyumba na viwanja yakasuasua, hasara zikafuatana kwa miaka kadhaa, na hisa ikashuka hadi chini ya shilingi moja, ikakaa huko miaka. Aliyenunua kwa 12 alipoteza zaidi ya tisa kwa kila kumi. Watu huitaja Home Afrika kama mfano wa ubaya wa kitengo hiki. Mimi, pamoja na maumivu yote, naiona kuwa ndiyo iliyofanya kazi. Ilikuwa na wanahisa wengi, waliokata tamaa waliuza, waliotaka kubahatisha walinunua, na bei ikasema habari ya kampuni. Mwenye hisa aliweza kutoka kwa 8, kwa 5, kwa 2. Kwenye hisa iliyokwama hakuna pa kutokea, na hasara haionekani mpaka siku unapoihitaji pesa.

Basi kuporomoka kwa bei mimi sikuogopi kama ninavyoogopa mstari ulionyooka. Ninapotazama hisa ndogo siku hizi, safu ya bei ndiyo ya mwisho kuisoma. Kwanza ni idadi ya hisa zilizouzwa, siku ile na miezi iliyopita. Halafu nafungua ripoti ya mwaka pale kwenye orodha ya wanahisa kumi wakubwa: wakishika asilimia 90 na zaidi, najua ninaomba kuingia kwenye nyumba ya watu. Kisha ripoti ya mkaguzi, hasa aya inayosema kuna mashaka kama kampuni itaweza kuendelea na shughuli zake. Kwa kampuni ndogo, aya hiyo hutangulia habari mbaya kwa mwaka mzima au zaidi, na ni wachache wanaoifikia kwa sababu imefichwa baada ya picha za wakurugenzi.

Na mshauri mteule? Ndiye aliyechukua nafasi ya miaka 5 ya hesabu, lakini mwekezaji hamwoni. Analipwa na kampuni anayoithibitisha. London, ambako wazo hili lilikomazwa katika soko lao la kampuni ndogo, AIM, tangu 1995, mshauri wa namna hii ana meno ya ajabu: akijiuzulu, biashara ya hisa husimamishwa papo hapo, na kampuni isipompata mwingine ndani ya mwezi mmoja huondolewa sokoni. Kujiuzulu kwake kwenyewe ni king'ora. Hapa kwetu mshauri anaposhuka garini, mwanahisa mdogo hujua kwa bahati. Hata hivyo nisiipambe London kupita kiasi. Atlas Development ilikuwa AIM kabla ya kuja kwetu Desemba 2014, ikiwa na washauri wa pande zote mbili, na bado ndani ya miaka michache hisa zake zilisimamishwa na kampuni ikaondoka. Mshauri hamwezi kumgeuza bima.

Wala sisemi kwamba kuuza hisa kwa umma kungemaliza yote. Jirani zetu wa Dar es Salaam walianzisha kitengo chao cha kukuza kampuni mwaka huo huo wa 2013, na kampuni kadhaa za kule ziliuza hisa kwa wananchi kwanza: Maendeleo Bank, kisha Benki ya Biashara ya Mwalimu iliyobeba walimu kutoka kila pembe ya nchi kwa shilingi 500 ya Tanzania kwa hisa. Wanahisa walipatikana kwa maelfu. Lakini mwenye vijihisa vichache kijijini hauzi wala hanunui, kwa hiyo wingi wa majina kwenye daftari si wingi wa biashara. Na Yetu Microfinance, iliyoorodheshwa 2016, iliwekwa chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Tanzania Desemba 2022. Biashara ikiharibika hakuna kanuni ya soko inayoweza kuiokoa. Tofauti ni kwamba bei yao ya kwanza angalau ilipimwa kwa pesa za watu.

Mifano ya kurekebisha ipo. India, ilipofungua vitengo vya kampuni ndogo mwaka 2012, ililazimisha kila kampuni iwe na mtengeneza soko kwa miaka 3 ya mwanzo: dalali aliyejifunga kuweka bei ya kununua na bei ya kuuza kila siku, hata kama hakuna mwingine. Aliyesimamia uuzaji naye alitakiwa kudhamini asilimia 15 ya toleo kwa mfuko wake mwenyewe, azinunue hisa hizo zikikosa wanunuzi. Kwa hiyo aliyesema bei ni nzuri alikuwa ameweka pesa zake hatarini. Hiyo ndiyo dhamana ninayoitamani kwa mshauri mteule wetu, kuliko barua kumi za uthibitisho. Gharama yake si ndogo, nafahamu, na kampuni ndogo italalamika. Lakini kampuni isiyoweza kumshawishi hata dalali mmoja kununua hisa zake kwa bei aliyoiandika mwenyewe haina sababu ya kuniuzia mimi kwa bei hiyo.

Kuhusu kufuli la asilimia 10, ombi langu ni dogo na halihitaji Bunge. Hisa ikikaa, tuseme, siku 30 za soko bila kuuzwa, iondoeni kwenye biashara ya kawaida na muiuze kwa mnada wa saa maalumu, mara moja kwa wiki, bila mipaka ya bei. Amri zote zikusanywe, bei inayokutanisha hisa nyingi zaidi itangazwe, na hiyo iwe bei mpya. London hutumia minada ya siku kwa hisa zao zisizo na wanunuzi wengi. Si jambo la kubuni upya. Mwanachama wangu na mnunuzi wake wa 900 wangekutana Alhamisi ya kwanza.

Wakati mnalifikiria hilo, kuna moja mnaloweza kulifanya kwa mstari mmoja wa programu: pembeni ya kila bei, kwenye ubao, kwenye tovuti na kwenye orodha inayochapwa magazetini, wekeni tarehe ya muamala wa mwisho. Mtu akisoma shilingi 1,500 na kando yake tarehe ya miaka miwili nyuma, atajua anachosoma. Wakaguzi wa hesabu watajua. Majaji wa mirathi watajua. Sioni nani ataumia isipokuwa anayefaidika na kutojua kwetu.

Na kwa kampuni zinazokuja, msikubali tena utambulisho mtupu. Julai 2025 mliipokea Shri Krishana Overseas, watengenezaji wa vifungashio, kwa njia ile ile, shilingi 5.90 kwa hisa. Sitaki kuitabiria mema wala mabaya. Huenda biashara yao ni nzuri kabisa. Ninachosema ni kwamba kampuni yoyote inayoingia kwa utambulisho itakiwe, kabla ya kengele, kuuza walau sehemu ya fungu lile la umma kwa mnada ulio wazi. Na wamiliki wakubwa wanapofunguliwa baada ya miezi 24, waachiwe kidogo kidogo, robo kwa kila miezi sita, tena kwa tangazo la mapema, maana kwenye hisa ya wanunuzi wachache mtu mmoja akimwaga mzigo wake siku ya 731 hubaki yeye peke yake aliyetoka.

Naomba mjibu hadharani swali moja kabla ya robo mwaka ijayo: ni kampuni zipi za kitengo hiki ambazo hazijauza hata hisa moja kwenye ubao wa kawaida katika miezi 12 iliyopita, na bei yao iliyoandikwa leo ni ya tarehe gani? Mitambo yenu ina jibu hilo. Mimi nina daftari la kufunga tarehe 30, na wanachama 11 wanaotaka kujua niandike nini kwenye mstari huo.

Wenu mtiifu,

Mweka hazina wa chama cha uwekezaji, Mombasa